Jumla ya skripti haikubaliani na vipengele vyake: kosa liko wapi?

Mtihani ninaouzungumzia ni Hisabati ya Kidato cha Nne, mtihani wa ujirani mwema uliotungwa kwa muundo wa NECTA: sehemu A maswali 10 yenye alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 yenye alama 10 kila moja, jumla 100. Walimu wa shule kadhaa tunakutana, kila meza inasahihisha swali moja au mawili, na skripti inasafiri kutoka meza hadi meza. Meza ya mwisho haisahihishi kitu. Kazi yake ni kujumlisha. Nimekaa kwenye meza hiyo misimu miwili, na yafuatayo ni yale ninayoyafanya skripti inapokataa kukubaliana na jalada lake.

Kabla ya dalili yenyewe, elewa kwamba alama ya mwanafunzi inapita hatua nne. Kwanza tiki zenye alama ndogondogo, yaani 1 na ½, zinakusanywa kuwa alama ya kipengele kama 11(a)(ii). Kisha vipengele vinakusanywa kuwa alama ya swali, ile inayozungushiwa duara kwenye pambizo. Kisha maswali 14 yanahamishiwa kwenye jedwali la jalada na kujumlishwa. Mwisho, jumla ya jalada inanakiliwa kwenye orodha ya darasa. Kila hatua ina ugonjwa wake, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine. Wengi wetu tunakagua ile ya tatu tu, tunajumlisha jalada mara mbili na kuridhika.

Jalada linasema 47½, mimi napata 52

Hii hapa skripti yenyewe, kama ilivyofika mezani kwangu. Swali la 1 lina 4½, la 2 lina 6, la 3 lina 3, la 4 lina 5, la 5 lina 2½, la 6 lina 0, la 7 lina 6, la 8 lina 4, la 9 lina 1½, la 10 lina 3. Sehemu B: la 11 lina 7, la 12 lina 4½, la 13 lina kistari, la 14 lina 5. Chini, kwa kalamu nyekundu, imeandikwa 47½.

Usianze kujumlisha. Hesabu nusu kwanza. Pitisha kidole kwenye jedwali uhesabu ni maswali mangapi yana ½. Hapa ni manne: la 1, la 5, la 9 na la 12. Nusu nne zinafanya 2 kamili, kwa hiyo jumla lazima iwe namba nzima. 47½ haiwezekani, hata kabla hujajua jibu sahihi ni lipi. Kanuni ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuifanya huku mwenzako anakuuliza habari za nyumbani: nusu zikiwa shufwa, jumla inaisha bila nusu, zikiwa witiri, jumla inaisha na nusu. Sijui kwa nini hatufundishwi hili chuoni. Haikamati kila kosa, maana aliyesahau swali lenye namba nzima atapita salama, lakini inachukua sekunde tatu na hukamata makosa mengi ya nusu, ambayo ndiyo mengi zaidi kwenye Hisabati.

Baada ya hapo jumlisha kwa sehemu, si kwa mkupuo. Sehemu A inakuja 35½. Sehemu B, 7 na 4½ na 5, inakuja 16½. Jumla 52. Tofauti na jalada ni 4½.

Sasa tofauti yenyewe ndiyo inayozungumza. Tofauti ikiwa sawa kabisa na alama ya swali moja, swali hilo limerukwa wakati wa kujumlisha, au kama jalada ndilo kubwa, limehesabiwa mara mbili. Hapa jalada ni dogo, na 4½ ipo mara mbili kwenye jedwali: swali la 1 na swali la 12. Lipi lilirukwa? Aliyejumlisha alikuwa ameandika kwa penseli, pembeni kabisa, 35½ na 12. Sehemu A yake ni sahihi, sehemu B yake ina 7 na 5 bila 4½. Kwa hiyo ni swali la 12. Ndiyo maana namsihi kila anayejumlisha aandike jumla ya sehemu A na ya sehemu B mbalimbali, hata kwa penseli. Bila zile namba mbili ningejua tu kwamba kuna swali limepotea, nisijue lipi, na ningelazimika kufungua kurasa zote.

Tofauti nyingine nazo zina sura zake. Ikiwa ½ kamili, mtu amemeza nusu, mara nyingi kwa sababu imeandikwa ndogo mno au msahihishaji wa meza fulani anaichora kama mkwaju tu. Ikiwa 10 kamili, aliyejumlisha alisahau kubeba au alibeba mara mbili. Kwa jedwali la maswali 14 hilo hutokea kwa wale wanaojumlisha kichwani kwa haraka. Ila 10 inaweza pia kuwa swali zima la sehemu B ambalo mwanafunzi alilipata lote, kwa hiyo kabla ya kusema ni kubeba, angalia kama kuna 10 kwenye jedwali.

Na tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, 9 au 18 au 27, shuku tarakimu zilizopinduliwa. Jalada lina 63, orodha ina 36, tofauti 27. Hilo ni kosa la kunakili, si la kujumlisha, na mara nyingi liko kwenye hatua ya nne. Kanuni ya 9 inatumika hata kukiwa na nusu, mradi nusu yenyewe imenakiliwa sawa: 54½ ikiwa 45½ tofauti ni 9.

Jalada linakubaliana, lakini swali lenyewe halikubaliani na vipengele vyake

Ningeishia pale, ningeandika 52 na kusaini. Lakini nilifungua swali la 11 kwa sababu 7 ilinishangaza. Lilikuwa la takwimu na duara, na mwanafunzi huyu kwenye sehemu A alionekana anajikokota kwenye maswali yote yenye maelezo marefu. Mshangao wa namna hiyo si ushahidi, lakini unatosha kukufanya ufungue ukurasa.

Kwenye pambizo ya kulia nilikuta hivi: mbele ya (a)(i), jedwali la marudio, tiki yenye 1. Mbele ya (a)(ii), wastani, tiki zinazofanya 1½. Chini yake, kwenye mstari wa mwisho wa kipengele (a), msahihishaji ameandika 2½ na kupiga mstari chini. Halafu mbele ya (b), tiki zinazofanya 2. Halafu duara, na ndani yake 7.

Jumlisha pambizo lote kutoka juu hadi chini: 1 na 1½ na 2½ na 2 ni 7. Msahihishaji, au pengine mwenzake aliyemsaidia kufunga swali, alijumlisha vijialama pamoja na jumla yao ndogo. Ile 2½ si alama mpya, ni 1 na 1½ zilizokwisha kuhesabiwa. Jibu sahihi ni 4½.

Dalili ya kosa hili ni kwamba swali limezidi, na ziada ni sawa na jumla ndogo ya kipengele kimoja. Halionekani kwenye jalada hata ukijumlisha jalada mara kumi, kwa sababu 7 ya ndani na 7 ya jalada zinafanana. Ni ugonjwa wa meza zinazochanganya kila kitu upande mmoja. Dawa yake ni kugawana pambizo: tiki na vijialama vyake vikae kulia, pale mstari wa kazi unapoishia, jumla ya kipengele ikae kushoto, mbele ya herufi ya kipengele, jumla ya swali ikae kwenye duara, kushoto, juu, mbele ya namba ya swali. Ukifuata hivyo, safu ya kulia peke yake inatoa jumla ya swali, na safu ya kushoto peke yake inatoa jumla ileile. Njia mbili zisizogusana, jibu moja. Zikikataana, unajua kosa liko ndani ya kipengele fulani, na unakagua kimoja kimoja.

Nilipolirudisha swali kwenye meza yake, mwalimu aliyelisahihisha aliangalia akacheka. "Mwalimu, hii saba nimeitoa wapi?" Hakuwa na jibu wala mimi sikulihitaji. Alikata 7 kwa mstari mmoja, akaandika 4½ pembeni, akaweka saini fupi. Kukata kwa mstari mmoja ni muhimu: namba ya zamani lazima ibaki inasomeka, kwa sababu mtu wa pili atakapokagua atataka kujua ilibadilika kutoka nini. Kufuta kwa rangi nyeupe hatukubali.

Kisha kile kistari cha swali la 13. Meza nyingi zinatumia kistari kwa maana ya "hakujibu" na 0 kwa maana ya "alijibu akakosa". Tofauti hiyo ni ya thamani, kwa sababu kistari kinaweza kukaguliwa. Ukiona kistari, pekua skripti hadi ukurasa wa mwisho, na karatasi za nyongeza kama zipo. Hapa, baada ya swali la 14, ukurasa wa pili kutoka mwisho, kulikuwa na "13(a)" iliyoandikwa kwa haraka: determinanti ya matriksi na mwanzo wa kinyume chake. Hapakuwa na wino mwekundu hata kidogo. Meza ya swali la 13 ilitazama mahali ambapo swali hilo lingetegemewa, haikuliona, ikaandika kistari. Skripti ikarudi, ikasahihishwa, ikapata 2.

Sasa hesabu upya. Kutoka 52, toa 2½ ya swali la 11, ongeza 2 ya swali la 13: 51½. Kagua nusu: sasa zina nusu maswali la 1, la 5, la 9, la 11 na la 12, ni matano, witiri, jumla inaisha na ½. Sawa.

Ona kilichotokea. Makosa mawili makubwa, moja la kuongeza na moja la kupunguza, yalikaribia kufutana. 51½ ukiikamilisha inakuwa 52, ileile niliyoipata mwanzo kwa jalada bovu. Kwa mwanafunzi huyu daraja halikubadilika, C inaanzia 45 hadi 64. Lakini skripti zilizotoka kwenye meza ileile ya swali la 11 zilikuwa nyingi, na hazikuwa zote na swali la 13 lililopotea la kuzifidia. Ukikuta kosa la aina hiyo kwenye skripti moja, bahasha nzima inarudi kuangaliwa swali hilo. Tulikuta nyingine tatu, zote zimeongezwa.

Kipengele kimepewa zaidi ya alama zake

Hii haitafutwi kwa kujumlisha, inatafutwa kwa kulinganisha na mabano ya mtihani. Kipengele cha alama 3 kimepata 4½. Chanzo cha kawaida ni mwanafunzi aliyefanya kwa njia mbili, na msahihishaji akatia tiki kila alipoona kitu sahihi.

Mfano. Tatua 2x² − 5x − 3 = 0, alama 3. Mwongozo wa usahihishaji unatoa njia ya kutafuta vigawo: kupasua −5x kuwa −6x na x, alama 1; kufika kwenye (2x + 1)(x − 3) = 0, alama 1; x = 3, ½; x = −½, ½. Halafu neno AU, na njia ya fomula: kuandika fomula ½, kuingiza namba 1, kufika kwenye kipeuo cha 49 ambacho ni 7, ½, majibu mawili ½ na ½. Kila njia inafanya 3.

Mwanafunzi akapasua vizuri, akapata majibu yote, 3. Halafu, kwa wasiwasi wa mtihani, akafanya tena kwa fomula: akaandika fomula, ½, akaingiza namba, 1, akakosea kukokotoa kipeuo, akaishia hewani. Msahihishaji mchovu akakusanya tiki zote: 4½.

Alama za njia moja hazichanganywi na za nyingine. Neno AU kwenye mwongozo lina maana hiyo hasa. Jopo linakubaliana mapema lifanye nini mwanafunzi akiacha njia mbili bila kukata yoyote, na sisi tulikubaliana kusahihisha zote mbili kisha kuchukua iliyo bora, tukipiga mstari wa wima mwekundu pembeni mwa ile isiyohesabiwa ili mjumlishaji asizikusanye. Bila ule mstari wa wima, meza ya kujumlisha haina njia ya kujua tiki zipi zinahesabika.

Kuna hatari ya upande wa pili, na hii ninaiogopa zaidi: kukata juu bila kuuliza. Mjumlishaji anaona 4½ kwenye kipengele cha 3, anaandika 3, anaendelea. Huenda ni sahihi. Lakini huenda ile 4½ ni (b) na (c) zilizojumlishwa pamoja kwa sababu mwanafunzi hakuandika herufi ya (c), na haki yake ni zote 4½. Fungua ukurasa usome kazi. Ukikata bila kusoma, unaweza kumnyima alama na jalada lako likakaa vizuri kabisa.

Jirani wa kosa hili ni alama zinazofuatia kosa. Mwanafunzi amekosea (a), ameitumia namba yake mbovu kwenye (b) kwa njia sahihi, na mwongozo unaruhusu alama za njia. Wenzetu wa Kenya hili wanalishughulikia kwa herufi, M kwa njia, A kwa usahihi wa jibu, na A haitoki kama M yake haikutoka. Ukisoma pambizo ya skripti yao unaona kila alama imetoka kwa kitu gani. Sisi tunaoandika ½ na 1 bila herufi tunapoteza habari hiyo. Matokeo yake kwenye meza ya kujumlisha ni kipengele chenye jibu bovu kilichopewa alama zote, na hujui kama ni huruma au ni uzembe. Kisha unarudisha skripti ambayo haikuwa na kosa, unapoteza muda wa watu wawili. Mahali alama za kufuatia zinaporuhusiwa, mwambie msahihishaji aandike "ff" ndogo au alama yoyote mliyokubaliana kando ya tiki.

Hakuna hata mmoja aliyepata 6 kwenye swali la 8

Hii ni dalili ya bahasha, si ya skripti. Unapita jedwali baada ya jedwali, swali la 8 lina 5½, 5½, 4, 5½, 3, 5½. Hata yule mwanafunzi mwenye 6 kwenye maswali mengine yote ana 5½ hapa. Kila skripti inajumlika vizuri. Tiki zinakubaliana na vipengele, vipengele na swali, swali na jalada.

Kosa liko kwenye mwongozo wenyewe. Mtungaji aligawa alama ½, 1, 1, ½ kwa kipengele (a) na 1, 1, ½ kwa (b). Hiyo ni 3 na 2½, jumla 5½, wakati karatasi ya mtihani imeandika alama 6. Nusu moja haikugawiwa mtu. Kila msahihishaji mwaminifu anafuata mwongozo na kila mwanafunzi anapungukiwa.

Kuna na kinyume chake, mwongozo wenye 6½, ambao mara nyingi hauonekani mpaka mwanafunzi mahiri avuke 6 na mtu aseme "haiwezekani". Njia ya kuepuka yote mawili ni kujumlisha mwongozo kabla ya skripti ya kwanza kuguswa: vijialama vya kila kipengele dhidi ya mabano yake, vipengele dhidi ya 6 au 10, maswali dhidi ya 60 na 40, na zote dhidi ya 100. Inachukua robo saa. Ikigundulika katikati ya kazi, jopo linaamua nusu inaenda kwenye hatua ipi, halafu skripti zote zilizokwisha pita zinarudi. Usimpe kila mtu ½ ya bure kwenye jalada: aliyekosa hatua ile hastahili, na jalada halitakubaliana tena na kurasa.

Kwenye Excel jumla ni ndogo, au ni elfu arobaini na kitu

Hatua ya nne siku hizi ni ya kompyuta, na imeleta makosa ambayo kalamu haikuwa nayo. Chukua safu B hadi O kuwa maswali 1 hadi 14, na P kuwa jumla iliyonakiliwa kutoka jalada.

Ukiona jumla ya Excel ni ndogo kuliko jalada kwa 4½ nzima, angalia kama mtu ameandika herufi ½ yenyewe, amenakili au ameiingiza kama alama. Kwa Excel "4½" ni maneno, si namba, na SUM huruka maneno bila kulalamika. Kisanduku kinaonekana kimejaa, hesabu inakiona kitupu. Dalili ya macho ni kwamba maneno hujipanga kushoto mwa kisanduku na namba hujipanga kulia, mradi hakuna aliyeyapanga kwa mkono.

Ukiona mwanafunzi amepata elfu arobaini na kitu, mtu ameandika 1/2. Excel imeielewa kuwa tarehe, na ndani yake tarehe ni namba ya siku zilizohesabiwa kuanzia mwaka 1900. Andika 0.5 na 4.5, kwa nukta, basi. Ukilazimika kuandika sehemu, andika 0 1/2 yenye sifuri na nafasi.

Kwa asiyejibu tunaandika X badala ya kistari, na kila mstari unakaguliwa hivi:

```
=IF(AND(COUNT(B2:O2)+COUNTIF(B2:O2,"X")=14,P2=SUM(B2:O2)),"SAWA","ANGALIA")
```

COUNT inahesabu visanduku vyenye namba halisi, COUNTIF inahesabu X. Vikipungua 14 kuna kisanduku kitupu au kuna maneno yaliyojifanya namba. Nusu ya pili inalinganisha jumla ya jalada na jumla ya maswali. Kwa P andika kile kilichoandikwa kwenye jalada kwa mkono kabla ya kukamilisha nusu, usiandike fomula. Ukiweka SUM kwenye P unalinganisha namba na nafsi yake, na kila mstari utasema SAWA mpaka kiama. Nimeshaona hilo likifanyika kwa nia njema, kwa sababu "inaokoa muda".

Kwa ile dalili ya mwongozo, bahasha ya skripti 40, swali la 8 likiwa kwenye safu I:

```
=MAX(I2:I41)
=COUNTIF(I2:I41,5.5)
```

Kikubwa kikiwa 5.5 na waliokifikia wakiwa wengi, rudi kwenye mwongozo.

Jumla zinatofautiana kwa 1 au 2 na kila mtu ana hakika na yake

Angalia kama mmoja wenu anakamilisha nusu kwenye kila swali. 4½ inakuwa 5, 2½ inakuwa 3, 1½ inakuwa 2, na maswali manne yenye nusu yanampa mwanafunzi alama 2 ambazo hazikutoka popote. Nusu zinabebwa kama zilivyo hadi jumla ya mwisho, na kukamilisha kunafanyika mara moja, kwenye jalada, kwa kanuni ambayo jopo limeiandika kabla ya kuanza. Kwetu ilikuwa nusu inapanda.

Excel inaweza kukudanganya hapa pia. Kisanduku kilichopangwa kisionyeshe desimali kitaonyesha 55 wakati ndani kina 54.5, nawe ukijumlisha kwa macho unapata kitu kingine. Ongeza desimali moja kwenye safu zote kabla ya kubishana.

Nusu hii inauma zaidi kwenye mipaka ya madaraja. 44½ ikipanda ni 45, na mwanafunzi anatoka D kuingia C. 29½ ikipanda ni 30, anatoka F kuingia D. Kwa hiyo, muda ukiwa mfupi na siwezi kufungua kurasa za skripti zote, natenga zile zenye jumla inayokaribia 30, 45, 65 au 75 kwa alama 2 juu au chini. Hizo najumlisha upya kuanzia kwenye tiki, kutoka swali la 14 kurudi la 1, jalada likiwa limefunikwa kwa karatasi. Kurudi nyuma kuna sababu: ukijumlisha kwa mpangilio uleule alioutumia mwenzako, jicho linateleza palepale lilipoteleza la kwake. Na jalada linafunikwa kwa sababu ukishaiona 44½, mkono wako utaitafuta.

Alama iliyobadilika inaandikwa sehemu tatu: kwenye duara la swali, kwenye jedwali la jalada, na kwenye jumla. Kila moja inakatwa kwa mstari mmoja na kuwekewa saini fupi, kwa kalamu ya kijani kwetu, ili isichanganyike na nyekundu ya wasahihishaji. Ukirekebisha jumla peke yake ukaacha duara na jedwali, mkaguzi anayekufuata atajumlisha, atapata ile ya zamani, na atakurekebisha wewe.